Pilau ya uani, kamera ikiwa juu

Ukitaka kujua kama unaiweza video ya mapishi ya kutoka juu, jaribu kupiga pilau. Kachumbari inakusamehe mengi, maana imetulia tu mezani na ukikosea unakata nyanya nyingine. Pilau ina sufuria yenye kina, mafuta yanayoruka, mvuke, makaa juu ya mfuniko, na hatua ambazo zikikupita huzirudii mpaka siku ya kupika nyingine. Mimi ndiye mshika kamera wa chaneli ya mama yangu mdogo, huku Tanga. Tunapigia uani: yeye kakaa kwenye kigoda, jiko la mkaa liko chini mbele yake, na simu inaning'inia katikati ya bomba juu ya jiko.

Bomba hilo ni la chuma, limelala juu ya miguu miwili iliyochomelewa na fundi wa mageti, na kila mguu umekalia kiroba cha mchanga. Sisi tunaliita goli. Watu wengi huanza na mkono wa kubana kwenye ukingo wa meza, na mimi naona huo ni wa kupigia vitu visivyoguswa. Ukikata kitunguu mezani, kila pigo la kisu linapanda kwenye mkono na kufika kwenye simu, na picha inatetemeka kidogo kidogo kiasi kwamba mtazamaji anachoka macho bila kujua sababu. Goli linasimama sakafuni, haligusani na meza wala na jiko. Kulipima ni rahisi: rekodi huku mtu akigonga meza kwa ngumi, kisha tazama pembe za picha, si katikati. Pembe zikitulia, goli ni zima. Kinu ndicho kilichotushinda. Kinatwanga ardhi yenyewe, kwa hiyo thomu na tangawizi hutwangwa upande wa pili wa uani, zinakuja kwenye fremu zikiwa bakulini.

Simu tunaibana kwa kishikio, halafu tunaifunga tena kwa kamba nyembamba kwenye bomba. Kishikio cha plastiki kikipata joto hulegea, na chini kuna mafuta ya moto na mikono ya mtu.

Jambo la kimo lilinichukua muda kulielewa, na ndilo lililobadilisha sura ya video zetu kuliko kingine chochote. Lenzi ya kawaida ya simu, ukiiweka sentimita 60 juu ya meza, inaona upana wa kama sentimita 70 hadi 80. Kwa sahani hilo linatosha kabisa. Sasa weka sufuria yenye kimo cha sentimita 20. Mdomo wake uko sentimita 40 kutoka kwenye lenzi, wakati bakuli la viungo lililo pembeni yake liko sentimita 60. Kilicho karibu kinakuzwa mara moja na nusu kuliko kilicho chini. Sufuria inajaa fremu nzima, kuta zake za ndani zinaonekana zikizama, na vitunguu huko chini vinaonekana vidogo na viko mbali. Pandisha simu hadi sentimita 120, kisha tumia lenzi ya kuvuta mara mbili. Upana wa picha unabaki uleule, lakini mdomo wa sufuria sasa uko mita moja kutoka kwenye lenzi na bakuli liko mita moja na sentimita 20, kwa hiyo tofauti yao inashuka hadi mara moja na moja ya tano. Sufuria inakaa vizuri, kilichomo kinaonekana, na simu imekaa mbali na mvuke. Ndiyo maana jiko la chini ni zuri kuliko la mezani kwa kazi hii: unapata kimo bila kupanda kwenye paa.

Kimo hicho kinaleta shida moja, nayo ni kichwa cha mpishi. Mama mdogo akitaka kujua vitunguu vimefika wapi huinama kuchungulia, na fremu nzima inageuka mtandio. Tulisogeza goli mbele kama shubiri moja ili sufuria ikae nusu ya chini ya picha, tukampa mwiko mrefu, na simu ya pili tukaiegemeza kwenye ndoo mbele yake ikimwonyesha kinachoonwa na ya juu.

"Baba, mimi siwezi kupika nikitazama televisheni," aliniambia siku ya kwanza.

"Usiitazame mama, ila ukitaka kuchungulia, chungulia huko."

Siku hizi anaipenda kuliko mimi, hata ananiita kusafisha kioo.

Kuna kiini macho kingine kidogo kinachopoteza kazi za watu. Simu ikielekea chini kabisa haijui upande upi ni juu, kwa sababu inategemea uzito kujua ilivyoshikwa. Ukibonyeza kurekodi ikiwa tayari imelala, inaweza kuamua video iwe ya kusimama au kichwa chini. Tunaiinua kwanza, tunaigeuza mpaka alama za kwenye kioo zikae upande tunaoutaka, tunafunga mzunguko, ndipo tunailaza. Ukiwasha gridi au kipima usawa cha kamera, baadhi ya simu huonyesha alama mbili za msalaba unapoielekeza chini. Zikilaliana, simu inatazama chini wima kamili. Mdomo wa sufuria ni mduara, na jicho linaona upesi mduara uliobinuka. Na mikono lazima iingie kutoka chini ya picha, pale ambapo mtazamaji angeweka yake. Ikiingia kutoka juu, anajiona ameketi mbele ya mpishi, na kulia kunakuwa kushoto.

Sasa vitunguu. Kwenye pilau rangi yote inatoka hapo: vitunguu vikiwa vya dhahabu tu, pilau inakuwa nyeupe, vikipitiliza, inakuwa chungu. Mtu anayejifunza kwa video yetu hafuati dakika tulizosema, anafuata rangi anayoiona. Kwa hiyo rangi ya picha ni sehemu ya maelekezo yenyewe, na simu ikiachiwa ijiendeshe inaiharibu. Vitunguu vikianza kuwa vya kahawia, simu inadhani mwanga umegeuka wa manjano, inapoza rangi ili kusawazisha. Mafuta yakikoza na sufuria ikawa nyeusi, inaongeza mwangaza. Unaishia na vitunguu vinavyoonekana havijaiva huku kwenye sufuria vinaungua. Tunatumia programu ya Blackmagic Camera, tunafunga kila kitu kabla ya mafuta kuingia: fokasi kwenye usawa wa vitunguu, mwangaza, na rangi. Kivulini tunaanzia 6500K, tunarekebisha kwa kutazama sahani nyeupe ya bati la kuchovya iliyowekwa kwenye kona ya fremu. Sahani hiyo haiondolewi mpaka hatua iishe. Kwenye kuhariri naiweka picha ya kwanza na ya mwisho bega kwa bega. Ukingo wa sahani ukiwa mweupe uleule kwenye zote mbili, kahawia ya vitunguu ni ya kweli.

Mwanga wenyewe ni wa kivuli cha ukuta, saa tatu hadi kama saa tano asubuhi. Jua kali la moja kwa moja linaangusha kivuli cha goli ndani ya sufuria, na kivuli hicho kinatembea. Siku tukipigia ndani usiku kwa taa, kuna la kuzingatia zaidi: umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa kuufuata. Tunaweka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Ukiacha fremu 30 na 1/60, utaona mistari hafifu ikitambaa juu ya picha, na hakuna uhariri mzuri wa kuitoa.

Kila hatua tunaipiga kwa mtiririko mmoja: fremu tupu kwa sekunde mbili tatu, mkono unaingia, unafanya kazi moja, unatoka, halafu tunasubiri tena. Mkono ukitoka ndipo unapata pa kukatia. Kwa vitunguu hatua ni nne: vibichi vikiingia, vikilegea, vikiwa dhahabu, vikiwa kahawia. Katikati tunazima kurekodi lakini hatugusi goli wala jiko. Miguu ya jiko tumeizungushia chaki sakafuni, kwa sababu sufuria ikisogea sentimita mbili kati ya dhahabu na kahawia, mtazamaji anaona imeruka. Isiposogea, anaona vitunguu vikibadilika rangi mahali palepale, na robo saa ya jikoni inakuwa sekunde 12 bila mtu kuhisi amekatiwa kitu. Mwiko nao una mahali pake: ukitoka upande wa kulia unarudi kulia. Na kabla ya kila hatua mtu anapangusa ukingo wa sufuria kwa kitambaa chenye maji. Tone la mafuta lililokauka, lililokuwepo kwenye hatua ya tatu na halipo kwenye ya nne, linaonekana kuliko unavyodhani.

Viungo vinaingia kwa zamu, kila kimoja kwenye kibakuli chake: bizari nyembamba, hiliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Mama mdogo kwa kawaida hutia vyote kwa mkupuo kutoka kiganjani. Tulibishana. Tukakubaliana anamwaga kimoja kimoja kwa ajili ya picha, ila haraka, kwa sababu mafuta ya moto hayamsubiri mpiga picha na bizari iliyoungua ikishaingia pilau haitoki. Vibakuli vinapangwa nje ya fremu kwa mpangilio wa kuingia, kutoka kushoto kwenda kulia, na kikitumika kinageuzwa kifudifudi. Hakuna haja ya karatasi wala kuulizana katikati ya kazi.

Ikifika nyama na supu yake, mvuke unaanza. Hapa ndipo nilipoacha kuidai kamera ya juu isichokiweza. Huo tunaouita mvuke kwenye picha ni matone madogo mno ya maji hewani, na yanaonekana vizuri mwanga unapotoka nyuma yake na nyuma kukiwa na giza. Kutoka juu unapata kinyume chake: nyuma ya mvuke kuna chakula kinachong'aa, na mwanga uko ubavuni au juu. Kwa hiyo unachokiona ni ukungu wa maziwa uliofunika nyama, rangi zimepauka. Mvuke uleule unaomfanya mtu ameze mate kutoka ubavuni unamfanya adhani lenzi ni chafu kutoka juu.

Kwa hiyo juu tunauondoa, na ubavuni tunauita. Kuuondoa tunatumia kipepeo kilekile cha kuchochea mkaa. Msaidizi anapunga mara mbili tatu kwenye usawa wa mdomo wa sufuria, mvuke unalala upande, mkono wa mpishi unaingia papo hapo. Asipunge chini kwenye mdomo wa jiko, majivu yatapanda mpaka kwenye supu. Feni ya umeme inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, lakini ina mlio, na maiki inausikia wote.

Lenzi nayo inatunzwa kabla. Tanga hewa ina maji mengi. Ukitoa simu kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaileta uani, inalowa ukungu hata kabla ya jiko kuwaka, kwa sababu kioo ni baridi kuliko hewa. Tunaitoa nusu saa kabla, ipate joto la nje. Simu yenye joto inashika ukungu kidogo sana. Kinachobaki ni utando wa mafuta unaopanda na mvuke, na huo hauuoni kwenye kioo cha simu. Utautambua kwa punje za mchele au ukingo wa sufuria unaong'aa kuwa na kama duara la mwanga kuzizunguka. Kitambaa cha miwani kikavu, kabla ya kila hatua, na si pindo la kanga.

Ubavuni nina kamera moja ndogo kwenye kopo lililopinduliwa, usawa wa mdomo wa sufuria. Ng'ambo yake kuna mlango wa stoo ambao tunauacha wazi. Ndani giza tupu, na jua la asubuhi linapita juu ya ukuta upande wa nyuma na kugusa mvuke kabla halijagusa sufuria. Hapo mvuke unaonekana ukipanda uzi kwa uzi. Tunapiga picha tatu tu za hivyo kwa pilau nzima: supu ikichemka, mchele ukiingia, na mfuniko ukifunuliwa. Nimeona chaneli zinazojaza mvuke kila baada ya sekunde kumi, na huko hatua zenyewe huwa ngumu kufuata. Asubuhi mapema ni bora pia kwa sababu hewa ina ubaridi kidogo. Saa saba mchana mvuke unayeyuka hewani kabla haujapanda shubiri.

Sauti hairekodiwi na simu ya juu. Iko zaidi ya mita moja kutoka kwenye kitunguu, inasikia uani mzima: bodaboda, jogoo, watoto wa jirani, na kitunguu kwa mbali. Tunaweka maiki ndogo kwenye kijiti, sentimita 30 kutoka kwenye mdomo wa sufuria, nje kidogo ya fremu, upande unaotoka upepo ili mvuke usiielekee, nayo imevishwa sponji. Inarekodi kwenye simu nyingine. Mwanzo wa kila hatua mama mdogo anagonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara moja. Kutoka juu naona mwiko ukigusa, kwenye sauti naona mstari uliosimama, navilinganisha. Kwa sababu klipu ni fupi, havipati muda wa kupishana.

Na sauti ya vitunguu nayo inafundisha. Vikiingia vibichi vina maji, mafuta yanapiga kelele za juu, mfululizo. Maji yanavyokauka kelele zinashuka, zinakuwa za kukatika katika, na zikikaribia kunyamaza mpishi anajua kahawia imefika. Wengi wanaweka muziki hapo. Sisi tunaacha sauti tupu, na naiangalia isipite -12 dB, kwa sababu nyama ikitumbukia kwenye mafuta ule mlipuko wa kwanza unapanda ghafla, na sauti iliyokatwa kichwa haitengenezeki.

Friji iko ukuta wa pili na mlio wake unapenya, kwa hiyo tunaizima, na funguo za nyumba tunaziweka ndani yake. Hakuna anayetoka bila kuifungua na kukumbuka kuiwasha. Adhana ikianza tunasimama, ikiisha tunaendelea; hata ningeweza kuifuta, kuikata katikati kwenye video ni aibu. Kila siku ya kupiga narekodi pia dakika moja ya uani bila mtu kusema, nijazie mapengo ya sauti kwenye kuhariri. Bila hiyo, kila unapokata unasikia uani ukizimika.

Maneno ya mama mdogo yanarekodiwa baadaye chumbani, amekaa kitandani, godoro la pili limesimamishwa mbele yake na nguo zimening'inia nyuma. Akisema peke yake anasoma kama taarifa ya habari, kwa hiyo nakaa mbele yake na kumuuliza.

"Mama, supu kiasi gani?"

"Si unaona mwenyewe? Ipande juu ya mchele kifundo kimoja cha kidole."

Jibu la hivyo ndilo ninaloweka, na la kwangu nalikata.

Kupalia ndiko kunakokubaliana na kamera ya juu. Supu ikishakaukia, moto wa chini unapunguzwa, mfuniko unafunikwa na makaa mekundu yanapangwa juu yake. Kutoka ubavuni huoni kitu zaidi ya sufuria yenye jivu. Kutoka juu ni mduara mweusi wenye makaa yanayopumua, na mtazamaji anaona makaa mangapi na yamekaa wapi: mengi pembeni, machache katikati. Lakini joto lote sasa linapanda wima kwenye simu. Itafifisha kioo, kisha itaonya, kisha itaacha kurekodi. Tunapiga sekunde kumi na watu wawili wanalibeba goli pembeni. Mwangaza hapo tunaushusha kabla, tukiufunga kwa rangi ya makaa, la sivyo yanakuwa madoa meupe.

Kufunua ni kwa kamera ya ubavuni peke yake. Kisha pilau inapakuliwa kwenye sinia, goli linarudi, linashushwa hadi sentimita 80 kwa sababu sinia haina kina, na tunarudi kwenye lenzi ya kawaida. Ukoko tunauweka ukingoni upande wa chini wa picha, karibu na mkono. Ukikaa katikati unafunikwa na nyama, na kwenye maoni watu wataanza kuuliza uko wapi.